Kupima kama chapa yako inajulikana, na inafikiriwaje, kwa dodoso la dakika tano na watu 200

Tafiti nyingi ndogo za chapa huharibika kwenye sentensi ya kwanza. Mhojaji anamsimamisha mtu, anasema, "Habari, natoka kampuni ya sabuni fulani," kisha anauliza ni sabuni zipi mtu huyo anazifahamu. Jina limeshatajwa. Kuanzia hapo jibu lolote linaloitaja sabuni hiyo halina maana, kwa sababu mhojiwa anarudisha neno alilopewa nusu dakika iliyopita. Huhitaji fedha kuliepuka kosa hili. Unahitaji mpangilio wa maswali na ukali wa kuufuata.

Mwongozo huu unahusu aina moja tu ya utafiti: mahojiano mafupi ya ana kwa ana na wanunuzi wapatao 200, yanayojazwa kwenye simu kwa fomu ya bure kama Google Forms na kuhesabiwa kwenye Google Sheets. Gharama kubwa ni siku za wahojaji. Mhojaji mmoja mwenye dodoso la dakika tano anaweza kukamilisha mahojiano kama 25 kwa siku bila kulipua kazi, hivyo wahojaji wawili wanamaliza kwa takriban siku nne.

Kwa mfano tutatumia sabuni ya kufulia isiyo na jina halisi. Tutaiita Chapa Yetu, na washindani wake A, B, C na D. Takwimu zote za mfano ni za kubuni, zimewekwa ili uone hesabu inavyokwenda.

Hatua ya 1: Amua nani anastahili kuulizwa

Usiwaulize wafuasi wa ukurasa wako mtandaoni, wala watu walio kwenye orodha yako ya wateja. Hao wanakujua tayari, na kuwauliza kama wanakujua ni kupoteza siku. Unayemtafuta ni mnunuzi wa aina ya bidhaa yako, awe anakununua wewe au mshindani. Kwa sabuni, swali la kuchuja ni, "Katika miezi mitatu iliyopita, umenunua sabuni ya kufulia kwa ajili ya nyumbani?" Anayejibu hapana anashukuriwa na kuachwa. Swali la pili la kuchuja linamwondoa mtu ambaye yeye au wa nyumbani kwake anatengeneza au anauza bidhaa hiyo, kwa sababu huyo anajua majina mengi kuliko mnunuzi wa kawaida.

Chagua sehemu nne au tano ambako wanunuzi wa aina tofauti hupita, na uende kila sehemu kwa nyakati tofauti, asubuhi na jioni, siku za kazi na za mapumziko. Epuka kusimama mbele ya mahali bidhaa yako inapouzwa au tangazo lako lilipobandikwa. Kisha mpe mhojaji kanuni ya kuhesabu: anayepita wa tano ndiye anayesimamishwa, apende asipende sura yake. Bila kanuni hii, mhojaji huchagua watu wanaofanana naye kwa umri na wanaoonekana wapole, na baada ya siku nne unagundua kwamba umewapima vijana wachangamfu tu. Aandike pia idadi ya waliokataa kuhojiwa. Kama kwenye sehemu moja waliokataa ni wengi mno kuliko kwingine, matokeo ya hapo yasomwe kwa shaka.

Hatua ya 2: Panga maswali kutoka kumbukumbu tupu kwenda kwenye orodha

Huu ndio moyo wa kazi yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Utangulizi hautaji chapa wala kampuni: "Tunafanya utafiti mfupi kuhusu sabuni za kufulia. Ni dakika tano, na hatuhitaji jina lako." Mhojaji asivae fulana yenye nembo wala kushika mfuko wenye nembo. Mtu akiuliza utafiti ni wa nani, aambiwe kwamba ataelezwa mwishoni, na mwishoni aelezwe kweli.

Swali la kwanza baada ya kuchuja ni hili: "Ukifikiria sabuni za kufulia, ni majina gani yanakujia kichwani?" Mhojaji ananyamaza na kusubiri. Mhojiwa akikwama, anaulizwa mara moja tu, "Mengine?" Majina yanaandikwa kwa mpangilio yalivyotajwa, neno kwa neno, hata kama mtu ametaja jina nusu au amelikosea. Kutoka swali hili unapata vipimo viwili. Kimoja ni waliotaja Chapa Yetu kwanza kabisa. Cha pili ni walioitaja mahali popote bila kukumbushwa.

Ndipo inakuja orodha: "Nitakusomea majina ya sabuni. Niambie kwa kila moja kama umewahi kuisikia au kuiona." Majina sita hadi nane yanatosha. Chapa Yetu isiwe ya kwanza wala ya mwisho kila mara. Andaa matoleo matatu ya orodha yenye mpangilio tofauti, kila mhojaji ayatumie kwa zamu. Hapa unapata kipimo cha tatu, yaani waliolitambua jina baada ya kutajiwa.

Ndani ya orodha hiyo weka jina moja bandia, la sabuni isiyokuwepo. Lisikike kama sabuni, lakini lisifanane na jina lolote lililo sokoni. Litafute mtandaoni na waulize wauzaji wachache kabla hujaliamini. Jina hili linakupa kitu ambacho hakuna swali jingine litakupa: linaonyesha ni watu wangapi wanasema "ndiyo, naijua" kwa adabu, kwa uchovu au kwa kutotaka kuonekana hawajui. Kila utafiti wa orodha huwa na watu hao. Bila jina bandia huwaoni, nao wanajificha ndani ya idadi ya wanaokujua.

Baada ya orodha, uliza matumizi: zipi kati ya hizo amewahi kutumia, na zipi ametumia katika miezi mitatu iliyopita. Kisha yafuate maswali ya mtazamo, na mwisho kabisa umri na jinsia.

Mahojiano yafanywe na mtu, simu ikiwa mkononi mwa mhojaji. Ukimtumia mhojiwa kiungo ajaze mwenyewe, anaweza kurudi ukurasa wa nyuma baada ya kuona orodha na kuongeza majina kwenye swali la kwanza, wala hutajua. Kama huna budi kutumia kiungo, soma vipimo vya kukumbuka bila kutajiwa kama vilivyopanda kidogo, na usivilinganishe kamwe na vya ana kwa ana.

Hatua ya 3: Maswali ya mtazamo yasimpe mtu jibu

Swali kama "Je, unakubali kwamba Chapa Yetu ina ubora?" halipimi chochote. Watu wengi hukubaliana na sentensi yoyote wanayosomewa kwa upole, na pia umeshawaonyesha ni chapa gani unaijali.

Njia bora ni kuanza na sifa na kuiacha chapa ichaguliwe. Mhojaji anasema: "Nitakusomea maelezo. Kwa kila moja, niambie ni sabuni gani kati ya unazozijua inahusika. Inaweza kuwa moja, zaidi ya moja, au hakuna kabisa." Kisha anasoma: inatoa madoa magumu, bei yake ni nafuu, ina harufu nzuri, inakausha mikono, ni ya watu kama mimi. Sifa tano au sita zinatosha, na angalau moja iwe mbaya. Sifa nzuri tupu humfanya mhojiwa aendelee kutaja sabuni anayoitumia bila kufikiri, na ile mbaya humwamsha.

Sifa hizo usizitunge ofisini. Kabla ya utafiti, zungumza na wanunuzi wanane hadi kumi na uwaulize tu wanachaguaje sabuni. Chukua maneno yao jinsi walivyoyasema. Ofisini watu husema "ufanisi wa usafishaji", wakati mnunuzi anasema sabuni inatoa doa au haitoi, na ukimuuliza kuhusu ufanisi atakujibu kitu ambacho wewe na yeye hamkielewi sawa.

Kabla ya kwenda uwanjani, lijaribu dodoso zima kwa watu watano au sita wasiohusika na kazi yako. Sikiliza mahali wanapouliza "unamaanisha nini?" na ubadilishe hapo. Pima muda pia. Likizidi dakika saba, punguza sifa, usipunguze maswali ya mwanzo.

Hatua ya 4: Siku za uwanjani

Pitia fomu kila jioni, usisubiri mwisho. Google Forms huweka muda wa kila fomu ilipotumwa, na muda huo ni msimamizi mzuri: fomu sita zilizotumwa ndani ya dakika kumi na mhojaji mmoja hazikutokana na mahojiano sita. Angalia pia majibu ya swali la kwanza. Mhojaji ambaye wahojiwa wake wote wametaja majina matatu yale yale kwa mpangilio ule ule, ama anawasomea ama anajaza mwenyewe. Fomu hizo zitupwe na mahojiano yarudiwe siku inayofuata, si baada ya wiki.

Majina na namba za simu usizikusanye. Huzihitaji kwa lolote katika kazi hii, na watu husema ukweli zaidi wanapojua hawafuatiliwi.

Hatua ya 5: Safisha, kisha hesabu

Kwanza sawazisha majina. Kwenye safu mpya ya jedwali, weka namba moja ya utambulisho kwa kila chapa, ili jina lililoandikwa kwa tahajia nne liwe kitu kimoja. Mtu akitaja rangi ya pakiti badala ya jina, usimhesabu kwenye waliokumbuka jina, lakini liandike pembeni. Kama wengi wanafanya hivyo, umejifunza kwamba pakiti inafanya kazi kuliko jina.

Sasa mfano wetu. Kati ya watu 200, waliotaja Chapa Yetu kwanza ni 12, sawa na asilimia 6. Waliotaja mahali popote bila kukumbushwa ni 38, asilimia 19. Waliolitambua jina kwenye orodha ni 104, asilimia 52. Lakini watu 14 walidai kulijua jina bandia.

Njia rahisi na ya haki ni kuwaondoa hao 14 na kuhesabu upya kwa 186 waliobaki. Kati ya hao 14, watu 12 walikuwa pia wamesema wanaijua Chapa Yetu, kwa hiyo waliotambua wanashuka kutoka 104 hadi 92, yaani asilimia 49 ya 186. Waliokumbuka bila kutajiwa wanabaki 36, bado asilimia 19. Tazama tofauti hiyo: kipimo cha orodha kimetikisika, cha kumbukumbu tupu hakikutikisika. Ni vigumu kudanganya kwa adabu unapotakiwa kutoa jina mwenyewe kichwani.

Kabla ya kuamini asilimia yoyote, jua ukingo wake wa makosa. Kwenye Google Sheets, kwa asilimia 19 ya watu 186:

```
=1.96*SQRT(0.19*(1-0.19)/186)
```

Jibu ni karibu 0.056, yaani takriban pointi 6 juu na 6 chini. Kwa hiyo hali halisi inaweza kuwa popote kati ya asilimia 13 na 25. Fomula hii inachukulia kwamba watu walichaguliwa kwa bahati nasibu kamili, na kusimama njiani ukihesabu wapita njia si bahati nasibu kamili. Ichukue kama kiwango cha chini cha mashaka yako.

Hatua ya 6: Soma pengo, usisome namba moja

Asilimia 49 inayosimama peke yake haikuambii ufanye nini. Iweke kando ya asilimia 19, halafu mtazame mshindani. Katika mfano, sabuni B ilitambuliwa na watu 120 kati ya 186, na kati ya hao, 84 waliitaja wenyewe kabla ya kusomewa orodha. Yaani kati ya kila kumi wanaoijua B, saba huikumbuka wenyewe. Kwa Chapa Yetu, kati ya 92 wanaoijua ni 36 tu waliokumbuka wenyewe, wanne kati ya kumi. Watu wanaiona na kuitambua, lakini wanapofikiria sabuni haiji.

Je, hilo ni tatizo? Inategemea bidhaa yako inanunuliwaje, na hapa ndipo watu wengi hutafsiri vibaya matokeo yao. Kama mnunuzi huzunguka mwenyewe kwenye rafu na kuchukua anachokiona, kutambuliwa ndiko kunakouza, na kazi yako ni pakiti na mahali inapokaa. Kama mnunuzi husimama mbele ya kaunta na kutaja anachotaka, au huagiza kwa simu, basi jina lisilokuja kichwani halinunuliwi, hata kama angelitambua mara moja akilisikia. Kwa chapa ya aina hiyo, pengo la nne kwa saba ni habari nzito kuliko asilimia nyingine yoyote kwenye ripoti. Ongeza basi kwenye dodoso swali moja la namna anavyonunua, kwani bila jibu hilo utabaki kubahatisha ni kipimo kipi cha kukifuata.

Sasa mtazamo. Hesabu kila sifa juu ya wale wanaoijua chapa husika, si juu ya watu wote, la sivyo chapa inayojulikana zaidi itaonekana bora kwa kila kitu. Katika mfano, kati ya 92 wanaoijua Chapa Yetu, 37 walisema inatoa madoa magumu, asilimia 40. Kwa B ni 66 kati ya 120, asilimia 55. Ukiishia hapo utarudi kiwandani kusema sabuni yetu inaonekana dhaifu, tubadilishe mchanganyiko.

Usiishie hapo. Wagawe wale 92 kwa matumizi. Waliowahi kuitumia ni 30, na 24 kati yao walisema inatoa madoa, asilimia 80. Wanaoijua lakini hawajawahi kuitumia ni 62, na waliosema hivyo ni 13, asilimia 21. Sabuni haina tatizo kwa walioigusa. Wanaoijua kwa jina tu hawana sababu ya kuamini kwamba inatoa doa. Dawa ya hali hiyo ni kuwaonyesha au kuwapa wajaribu, na kiwanda kinaweza kuachwa kiendelee.

Tahadhari mbili kuhusu mgawanyo huo. Kundi la watu 30 ni dogo, na ukingo wa makosa wa ile asilimia 80 ni kama pointi 14. Hapa tofauti ni ya pointi 59, hivyo inasimama, lakini tofauti ya pointi 15 kati ya makundi ya ukubwa huu isingekuambia kitu. Ya pili ni kwamba watumiaji huisifu chapa wanayotumia karibu katika kila soko, na wengine waliinunua kwa sababu tayari waliamini inatoa doa. Utafiti wa mara moja hauwezi kutenganisha kipi kilitangulia. Ili usijidanganye, fanya mgawanyo ule ule kwa B. Kama watumiaji wa B nao wanalizidi kundi la wasiotumia kwa kiasi kile kile, umeona tabia ya kawaida ya soko. Kama pengo lako ni kubwa kuliko la B, hapo kuna jambo la kwako.

Hatua ya 7: Kurudia bila kubadilisha

Duru ya pili ina thamani kama maneno ya maswali, mpangilio, sehemu za kusimama, saa na jina bandia vyote vimebaki vilevile. Ukibadilisha hata namna ya kuuliza swali la kwanza, hutajua kama ni soko lililosogea au ni swali.

Tuseme baada ya miezi sita, kati ya watu 190 waliobaki baada ya kusafisha, waliokumbuka Chapa Yetu bila kutajiwa ni asilimia 25. Imepanda pointi 6 kutoka 19. Hesabu ya kulinganisha duru mbili ni hii:

```
=1.96*SQRT(0.19*0.81/186+0.25*0.75/190)
```

Inatoa karibu 0.083, yaani pointi 8. Kupanda kwa pointi 6 kuko ndani ya ukingo huo, kwa hiyo katika ripoti andika "hakuna mabadiliko yaliyothibitika". Najua mwenye biashara aliyelipia matangazo hapendi kusoma sentensi hiyo. Mwonyeshe hesabu kabla ya duru ya kwanza, mkubaliane kwamba kwa watu 200 kila duru mnaweza kuona mabadiliko makubwa tu, ya kuanzia kama pointi 10, na kwamba kupima kila mwezi kutaleta namba zinazopanda na kushuka bila sababu. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Fedha za duru zilizoachwa zitumike kuongeza watu katika duru zinazobaki: kwa 400 kila upande, ukingo ule wa pointi 8 unashuka hadi karibu 6.

Asilimia ya jina bandia nayo iandike kila duru. Ikiwa duru ya kwanza ilikuwa asilimia 7 na ya pili imeruka hadi 15, kabla ya kugusa matokeo mengine rudi kwa wahojaji uwaulize orodha waliisomaje.